Tenda imekatika na rejesho ni tarehe 28: nimwandikie nini mkopeshaji?

*Shikamoo mshauri,*

*Mimi ni mama lishe, naishi Makorora hapa Tanga. Mwaka jana nilichukua mkopo wa shilingi 6,000,000 kwenye kampuni moja ya mikopo hapa mjini. Ni wa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi, rejesho 317,226. Nilinunua majiko, friji na vyombo kwa sababu nilikuwa na tenda ya kuwapikia mafundi wa mkandarasi mmoja. Nimelipa miezi 10 sijachelewa hata siku moja. Mwezi uliopita kazi ya mkandarasi imeisha, kambi imevunjwa, na tenda imekufa hapo hapo. Nimebaki na banda langu la Kange, ninaambulia faida kama 400,000 kwa mwezi. Humo 180,000 ni matumizi ya nyumbani (kodi na ada analipa mume wangu, ni wa bodaboda), na 120,000 nachangia mchezo ambao zamu yangu nilishaipokea. Umebakiza miezi mitatu uishe.*

*Rejesho la 11 ni tarehe 28, wiki mbili kutoka leo. Afisa mikopo kaniambia kwa simu niandike barua ya kuomba kupunguziwa, basi, kakata. Sijui niandike nini. Shoga yangu anasema nikope 300,000 kwa watu wa kausha damu nirudishe 390,000 mwezi ujao, ili mradi mwezi huu upite. Dhamana ni kadi ya pikipiki ya mume wangu, na mmoja wa wadhamini ni wifi yangu, ambaye kwa kweli sitaki ajue. Nifanyeje?*

*Mama Lishe, Makorora*

Marahaba mwanangu.

Nianze na shoga yako, maana lake ni fupi. Hiyo 90,000 ya juu wanayotaka kausha damu kwa mwezi mmoja ni kubwa kuliko riba ya mwezi ya deni lako lote lililobaki kule kwenye kampuni. Hesabu iko hapa chini, utaiona mwenyewe. Na mwezi ujao ukifika utakuwa na wadai wawili na banda ni lile lile moja. Mshukuru kwa kukujali, yaishie hapo.

Sasa barua. Kabla hujashika kalamu, nenda ofisini kwao uombe karatasi mbili: ratiba ya marejesho uliyopewa siku ya mkopo, kama yako imepotea, na taarifa ya mkopo inayoonyesha kila ulicholipa na deni la msingi lililobaki mpaka leo. Hii ya pili ndiyo muhimu. Ni haki yako kuipata, na usiandike barua bila kuiona, kwa sababu ombi lako lote litasimama juu ya namba moja tu: deni la msingi. Wengi wanaokuja kulia kwangu kwamba mkopo wao ulipangwa upya ukawa mzito kuliko mwanzo, ukichimba unakuta namba hiyo ndiyo iliyobadilishwa na wao hawakujua.

Tukae hapa kidogo. Rejesho lako ni lile lile kila mwezi, lakini ndani yake mna vitu viwili vinavyobadilika. Mwezi wa kwanza ulikuwa unadaiwa 6,000,000, asilimia 2 yake ni 120,000. Kwa hiyo katika 317,226 uliyolipa, 120,000 ilikuwa riba na 197,226 ndiyo iliyopunguza deni. Mwezi wa pili deni limeshuka hadi 5,802,774, riba yake 116,055, na kilichopunguza deni kikapanda kidogo. Ikiendelea hivyo, ukishalipa la 10 unabaki na deni la msingi la takriban 3,840,420. Riba ya mwezi mmoja juu ya hilo ni kama 76,800.

Lakini mtu akichukua kikokotoo akazidisha marejesho 14 yaliyobaki kwa 317,226, anapata 4,441,164. Tofauti ya hizo namba mbili ni kama laki sita, na hiyo laki sita ni riba ya miezi ambayo bado haijafika. Hujaifikia, kwa hiyo bado huidaiwi. Hatari iko hapa: baadhi ya wakopeshaji wakipanga mkopo upya huchukua ile 4,441,164 na kuifanya ndiyo mkopo mpya, kisha wanaitoza riba upya. Riba inazaa riba. Kwako wewe, deni la msingi la 3,840,420 likitandazwa kwa miezi 30, rejesho linakuwa karibu 171,500. Wakianzia kwenye 4,441,164 kwa miezi hiyo hiyo 30, ni karibu 198,300. Ukiangalia haraka unaona zote ni ndogo kuliko 317,226, unashukuru Mungu, unasaini. Kumbe kwa miezi 30 umejiongezea zaidi ya 800,000 ambayo hakuna aliyekukopesha.

Kwa msomaji mwingine mwenye mkopo wa namna nyingine: kuna wakopeshaji wanaotoza riba juu ya kiasi chote ulichokopa mwanzo, mwezi hadi mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Mkopo wa huyu mama ungekuwa wa hivyo, rejesho lingekuwa 370,000: yaani 250,000 ya msingi na 120,000 ya riba isiyopungua. Kwa kuwa analipa 317,226, najua riba yake ni ya salio linalopungua. Ukipima wa kwako ukakuta ni ule mwingine, basi ndani ya barua ya kupangiwa upya omba pia uhamishiwe kwenye salio linalopungua. Ndiyo nafasi pekee ambayo mkataba uko mezani na kalamu iko wazi.

Turudi kwako. Usiombe "kupunguziwa". Anayesoma barua yenye neno hilo anaona mtu anayetaka asamehewe deni, na hapo hapo jibu ni hapana. Wewe unaomba muda. Na muda unaombwa kwa namna mbili: kulipa riba tupu kwa miezi michache huku deni la msingi likisimama, au kurefusha kipindi ili rejesho lishuke. Ya kwanza inamfaa mtu ambaye kipato chake kinarudi kama kilivyokuwa. Mwalimu aliyecheleweshewa mshahara, kwa mfano. Ya pili ni ya mtu ambaye kipato kimeshuka na hakijulikani kitapanda lini. Ukiomba ya kwanza peke yake, baada ya miezi mitatu unarudishwa kwenye 317,226 wakati tenda haijarudi, na utakuwa umeponea mwezi wa tatu ukazama wa nne.

Wewe unahitaji zote mbili, kwa mpangilio huo. Leo, ukitoa ya nyumbani na ya mchezo, unabaki na 100,000. Inatosha 76,800 ya riba na akiba kidogo. Mchezo ukiisha baada ya miezi mitatu, ile 120,000 inabaki mkononi, na uwezo wako unakuwa 220,000. Hili ni jambo zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ni fedha inayojulikana itatoka wapi na lini. Wakopeshaji husikia kila siku "natarajia kupata tenda nyingine". Hawasikii mara nyingi mtu anayesema mzigo fulani unaisha mwezi fulani na hiki hapa kitabu cha mchezo chenye majina na tarehe. Wala usiache kuchangia ili ulipe mkopo. Zamu yako umekula, wenzako wanakudai kama kampuni inavyokudai, ila wao hawana afisa mikopo.

Kwa uwezo wa 220,000 ungeweza kuomba miezi 24 baada ya ile mitatu, ambayo ni rejesho la 203,000 na ushei. Mimi nisingefanya hivyo. Kumbuka Ramadhani. Tanga mchana wa Ramadhani mabanda mengi ya chakula yanafungwa, na hata ukiuza futari jioni hupati kama siku za kawaida. Rejesho lipimwe kwa mwezi wako mbaya kuliko yote, na 17,000 ya ziada haivuki mwezi huo. Omba 30. Rejesho linakuwa karibu 171,500, unabaki na kama 48,000 ya kuweka pembeni kila mwezi kwa ajili ya mwezi huo tu.

Sikufichi bei yake. Ungemaliza mkopo kama ulivyokuwa, riba iliyobaki ilikuwa kama 600,700. Kwa mpango wa miezi mitatu ya riba tupu na 30 ya marejesho, riba yote inakuwa kama 1,534,000. Unanunua nafuu hiyo kwa karibu 933,000. Ungeweza kwa 24 ungeokoa kama 271,000 kati ya hizo. Ndiyo maana ndani ya barua tunaweka sentensi ya kulipa zaidi bila adhabu, ili mwezi mzuri ukitokea uukate mkopo mapema.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Mwandikie meneja wa tawi, si afisa mikopo, kwa sababu afisa hana kalamu ya kubadilisha mkataba. Anapeleka juu, na kwenye kampuni nyingi kuna kamati inayokaa siku maalumu. Wanakamati hawakujui. Wana barua na rekodi yako tu, na rekodi yako ni nzuri, basi itangulie. Habari za watoto, za kulala macho, za ugumu wa maisha ziache. Zina ukweli lakini hazina namba. Iandike hivi, ujaze penye nafasi:

---

S.L.P. ______,
Tanga.
Simu: ______
Tarehe: ______

Meneja wa Tawi,
(Jina la kampuni),
Tanga.

YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NAMBA ______

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyekopa shilingi 6,000,000 tarehe ______ kwa miezi 24, riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Nimelipa marejesho 10 kwa wakati. Kwa mujibu wa taarifa ya mkopo niliyopewa na ofisi yenu tarehe ______, deni la msingi lililobaki ni shilingi 3,840,420.

Tarehe ______ mkataba wangu wa kuwapikia wafanyakazi wa mkandarasi ulimalizika baada ya kazi yake kwisha, na chanzo hicho cha mapato kimekoma. Nimebaki na biashara ya chakula Kange yenye faida ya takriban shilingi 400,000 kwa mwezi. Baada ya matumizi ya nyumbani na mchango wa mchezo unaomalizika mwezi wa ______, ninaweza kulipa hadi shilingi 100,000 kwa mwezi kwa sasa, na hadi shilingi 220,000 mchezo ukishamalizika.

Kwa sababu hiyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, kwa miezi mitatu kuanzia rejesho la tarehe 28 mwezi huu, nilipe riba ya mwezi pekee, takriban shilingi 76,800. Baada ya hapo deni la msingi la shilingi 3,840,420 lilipwe kwa miezi 30 kwa riba ile ile ya asilimia 2 ya salio linalopungua, rejesho likiwa takriban shilingi 171,500. Ninaomba mkopo uliopangwa upya ukokotolewe kutoka kwenye deni la msingi na si kutoka kwenye jumla ya marejesho yaliyobaki. Adhabu ya kuchelewa isihesabiwe kuanzia siku mnayopokea barua hii hadi mtakapotoa uamuzi. Na niruhusiwe kulipa zaidi ya rejesho au kumaliza mkopo mapema bila tozo.

Mume wangu, mwenye pikipiki iliyowekwa dhamana, pamoja na wadhamini wangu wawili wana taarifa ya ombi hili na wako tayari kusaini marekebisho ya mkataba.

Ninaomba jibu kwa maandishi. Niko tayari kuja ofisini, na afisa wenu anakaribishwa kuja kuona biashara yangu siku yoyote.

Wako mwaminifu,

(Sahihi na jina kamili)

Viambatanisho: barua ya mkandarasi ya kumaliza mkataba, taarifa ya mkopo, nakala ya daftari la mauzo la miezi miwili, nakala ya kitabu cha mchezo.

---

Kama mkandarasi hakukupa barua ya kumaliza kazi, mfuate msimamizi wake kabla hajahama mji akuandikie mistari mitatu. Baada ya mwezi hutampata. Daftari la mauzo likiwa na mafuta ya kupikia na matone ya mchuzi si aibu, ndiyo linaaminika zaidi. Kinachotia shaka ni daftari jipya lililoandikwa lote kwa kalamu moja.

Umeona nimeandika kwamba wadhamini wana taarifa. Wifi yako itabidi ajue, mwanangu, na bora ajue kwako. Sababu si adabu peke yake. Katika Sheria ya Mikataba, mkataba wa mkopo ukibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kuachiwa dhamana yake kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko. Mkopeshaji analijua hilo vizuri. Kwa hiyo ombi likikubaliwa jambo la kwanza atakalofanya ni kumpigia wifi aje asaini, na kama ni mara yake ya kwanza kusikia, hapo ndipo habari itakapofika ukoo mzima ikiwa imeongezwa chumvi. Nenda kwake na mumeo, mkiwa na karatasi ya hesabu. Mweleze kwamba hujashindwa kulipa, hujachelewa, na unachoomba kinamlinda yeye pia, maana ukiacha kulipa kimya kimya mlango wa pili kugongwa ni wake. Mumeo naye lazima akubali waziwazi, kadi ni yake. Na pikipiki hiyo isiuzwe wala kuwekwa rehani kwingine huku kadi iko kwao, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Hiyo inakutoa kwenye kundi la mteja mwenye shida na kukuweka kwenye kundi jingine kabisa.

Piga nakala mbili za barua. Moja unaiacha, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Akikwambia hawagongi muhuri, aandike kwa mkono jina, sahihi na tarehe. Ahadi ya simu haitakusaidia. Maafisa mikopo huhamishwa, na anayekuja anakuta ratiba ya zamani kwenye mfumo na siku za kuchelewa zinahesabika. Peleka kabla ya tarehe 28. Kadiri siku za kuchelewa zinavyoongezeka, mkopeshaji hulazimika kutenga fedha kufidia hasara anayoitarajia, na ucheleweshaji huingia kwenye taarifa zako za mikopo ambazo wakopeshaji wengine huzisoma. Leo unaomba ukiwa mteja ambaye hajawahi kuchelewa. Baada ya mwezi mmoja utakuwa unaomba ukiwa mdaiwa sugu mchanga, na kamati hupokea maombi hayo kwa sura tofauti.

Wakikuita mezani, watakuwa na majibu yao. Wakisema 30 ni mingi, kubali 24 na hiyo ndiyo iwe sakafu yako, ila usiiandike kwenye barua. Ni ya mezani. Wakisema 18, rejesho ni kama 256,000 na huna. Sema huna. Usisaini ili kumfurahisha mtu, kwa sababu kuomba mara ya pili baada ya kuvunja mpango wa kwanza ni kugumu mno.

Jibu lingine wanalolipenda ni kukupa mkopo mpya mkubwa unaofuta wa zamani, na kidogo kinabaki mkononi. Unapendeza kwa sababu unatoka na fedha. Uliza kwanza: wanafuta kiasi gani, 3,840,420 au 4,441,164? Ada ya maombi ni ngapi, bima ngapi, na vinakatwa wapi? Mara nyingi fedha ile ya mkononi ni ada na riba ya baadaye iliyozungushwa ikarudishwa kwako kama zawadi. Kwa mtu ambaye kipato kimeshuka, kuongeza deni si dawa.

Ukifika wakati wa kusaini marekebisho, soma sehemu chache tu lakini zisome kwa kidole: kiasi cha mkopo kinachoanzia ratiba mpya, riba na kama ni ya salio linalopungua, ada ya kupanga upya, na kama dhamana imeongezwa kitu ambacho hakikuwemo. Linganisha mstari wa kwanza wa ratiba ya kurejesha deni, baada ya miezi mitatu ya riba tupu kupita. Riba ya mwezi huo wa kwanza iwe karibu 76,800. Ukiona karibu 88,800, wameanzia kwenye jumla ya marejesho. Rudisha karatasi, onyesha mstari, omba irekebishwe. Si lazima ugombe. Mara nyingine ni kijana wa kompyuta tu aliyeingiza namba isiyo yenyewe.

Na wakikataa kabisa? Kisheria hawalazimiki kukubali. Mkataba ni mkataba. Lakini omba kukataa kwao kuwe kwa maandishi na kwa sababu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni kama hiyo isiyopokea amana inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Unaanza kwa kulalamika kwao wenyewe kwa barua. Wasipokujibu, au jibu lisiporidhisha, ndipo unapeleka malalamiko Benki Kuu ukiwa na nakala zako zenye muhuri. Benki Kuu haitawalazimisha wakupe miezi 30. Inachoweza kuangalia ni kama walikunyima taarifa ya mkopo wako, kama walikutoza kisichomo kwenye mkataba, au kama wanakudai kwa vitisho na kukutangaza kwa watu.

Tarehe 28 inaweza kufika kabla kamati haijakaa. Usizime simu. Lipa ile 76,800, au 100,000 kama unayo, siku hiyo hiyo kwa njia ile ile unayolipia siku zote, na utume ujumbe kwa namba ya ofisi ukitaja namba ya mkopo na tarehe ya barua yako yenye muhuri wao. Fahamu kwamba malipo pungufu kwa kawaida huenda kwenye adhabu kwanza kama ipo, kisha riba, kisha msingi. Kwa kuwa wewe huna adhabu, yako itaanza na riba ya mwezi huo, na ukilipa 100,000 kiasi kama 23,000 kinapaswa kupunguza msingi. Wiki inayofuata pita ofisini, omba taarifa ya mkopo tena, uangalie kama ndivyo walivyoandika.